Hofu ni Kwako Tu

Enea Tweve aliponiuliza kama mwanawe ameshaota ndevu, nilimwambia siruhusiwi kusema. Akanitazama kama mtu aliyenyimwa chumvi na jirani.

"Ndevu tu, dada?"

"Hata ndevu, kaka Enea."

Ulimi wake ulikuwa bado mzito. Tulikuwa tumeupasha mwili wake hadi digrii thelathini na mbili, na kwenye joto hilo mtu huongea kama mlevi mstaarabu: maneno anayo, ila yanachelewa kufika. Vidole ndivyo vinavyosumbua zaidi. Nilikuwa nimemvisha glavu za maji ya moto tangu alfajiri ili aweze kushika kalamu, na sasa nilimvua moja moja nikimkanda vifundo.

"Lakini ni leo? Miaka kumi na minane?"

"Ni leo."

"Nilimwacha ana minne. Alikuwa anaogopa mashine ya kunyolea, ile sauti yake. Nilikuwa namnyoa kwa mkasi kama kondoo."

"Hilo unaweza kuliandika," nilimwambia, nikamwekea ubao mapajani na karatasi juu yake.

Naitwa Edina Chaula. Ni mhakiki wa barua katika Nyumba ya Usingizi, huku juu Kitulo, ambako baridi ni ya bure na umeme wa maporomoko haukatiki. Wafanyakazi wenzangu wananiita Mama Kufuta, ila si mbele yangu. Siwalaumu. Kwa kazi hii mtu hapendwi, na mimi si mwepesi wa kuchekacheka na watu ili wanisamehe.

Enea alikuja kwetu na saratani ya kongosho, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita, mfanyabiashara wa mitumba mwenye mke na mtoto mmoja. Dawa haikuwepo wakati ule na haipo leo. Tulichompa ni baridi. Mwili ukishushwa joto kwa taratibu zetu, damu ikabadilishwa na yale maji mazito yasiyoganda, ugonjwa husimama pale ulipo na mtu husimama nao. Mkewe alipewa mamlaka ya kuamua juu yake hadi mtoto atimize miaka kumi na minane. Asubuhi ya siku hiyo mamlaka yanahamia kwa mtoto, atake asitake, na lazima aseme moja kati ya mawili: baba arudishwe kwenye baridi, au aamshwe kabisa wampeleke nyumbani. Aliyeamshwa kabisa harudi tena. Mishipa haivumilii safari ya pili. Daktari wetu alikadiria kwamba Enea akiamshwa ataishi kama miezi miwili, na siku za mwisho hazitakuwa nzuri.

Zamani, kabla ya sheria, waliolala walikuwa wakipashwa joto na kukutanishwa na watoto wao uso kwa uso ili mtoto aamue. Hakuna mtoto aliyewahi kumkatalia mzazi. Namfahamu mwanamke aliyeacha masomo, akakataa kuolewa mbali, akazeekea kwenye benchi letu la baraza kwa sababu baba yake alimshika mkono siku moja akamwambia usiniache. Baba bado yupo chumba cha nyuma, na bado ana miaka arobaini na mmoja. Binti amemzidi umri. Anakuja kila Jumamosi na chupa ya chai, anakaa, anaondoka.

Kwa hiyo sheria ikatungwa. Hakuna kuonana kabla ya uamuzi. Kuna barua tu, karatasi moja, kwa mkono, kwa sababu mashine siku hizi zinaiga sauti na maandishi ya mtu yeyote na ndugu walikuwa wakipelekana mahakamani kwa barua ambazo mgonjwa hakuziandika. Barua inaweza kusimulia, kufundisha, kuonya, kubariki. Haiwezi kuomba. Sentensi yoyote inayomsukuma mtoto upande mmoja au mwingine naifuta kwa wino mweusi, mbele ya aliyeiandika, na harudii kuandika upya. Mimi mwenyewe nilifurahi sheria hiyo ilipopita. Mpaka leo nadhani ni nzuri.

*

Aliandika anwani juu kulia, tarehe chini yake, akaruka mstari. Nikashangaa, maana hakuna anayeandika hivyo tena. Vijana hawajui hata kwamba barua ina pembe.

"Nani alikufundisha?"

"Babu. Alikuwa na sanduku la barua za baba yake kutoka migodini. Tulikuwa tunazisoma kama hadithi." Akameza mate kwa shida. "Zote zinaanza vilevile."

Na yake ikaanza vilevile. Nilizisoma herufi zikijitokeza chini ya mkono wake, kubwa na zimelala upande: *Salamu nyingi sana zikufikie popote ulipo. Mimi baba yako ni mzima wa afya, hofu ni kwako tu uliye mbali na upeo wa macho yangu.*

Mwanawe, Lwitiko, alikuwa nyuma ya ukuta, hatua chache tu. Na mzima wa afya ndiye huyu aliyekuwa na mrija mkononi na ngozi ya rangi ya majivu. Lakini nimesoma barua nyingi za zamani katika kujifunza kazi hii, na naijua salamu hiyo. Watu waliiandika wakiwa wamelazwa, wakiwa na njaa, wakiwa jela. Ni adabu, kama unavyoulizwa habari ukasema nzuri hata kama nyumba inaungua. Haisukumi mtu popote. Niliiacha.

Akaandika taratibu, akipumzika kila baada ya mistari miwili. Mara nyingine alikuwa ananiuliza.

"Bado watu wanavaa mashati ya kola?"

"Wanavaa."

"Na mitumba bado ipo?"

"Mitumba haitaisha leo wala kesho, kaka Enea."

Hiyo ilimfurahisha. Akaandika kwa muda mrefu juu ya mashati, na mimi nikasimama pale nimeshika ubao, mgongo ukiniuma, nikitazama kipimo cha joto kikipanda polepole. Kikifika thelathini na nne hakuna tena kurudi kwenye baridi. Nilikuwa nimempangia aache kalamu mapema ili mtoto apate muda wa kufikiri, na tayari alikuwa amekula sehemu ya muda huo.

"Malizia sasa," nilimwambia.

Kisha mkono ukaenda haraka kuliko asubuhi yote, na herufi zikawa ndogo, zimebanana: *Mwanangu Lwitiko, usiniamshe. Naogopa kufa.*

Hakuinua macho. Nilitoa kalamu yangu nyeusi mfukoni.

"Hiyo siwezi kuiacha."

"Ya kwanza najua," alisema. "Ya kwanza ni ombi. Futa. Lakini ya pili sijaomba kitu. Nimesema ninavyojisikia."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi. Mfanyabiashara ni mfanyabiashara hata akiwa nusu barafu. Sheria inasema nifute kinachoomba au kinachosukuma. *Naogopa kufa* haiombi. Lakini ni mtoto gani atasoma maneno hayo kutoka kwa baba yake kisha aseme mwamsheni? Nilimfikiria yule mwanamke na chupa yake ya chai. Nikafikiria pia kwamba mtu ana haki ya kumwambia mwanawe kwamba anaogopa, na kwamba kama si leo hatakuwa na siku nyingine. Nilisimama na kalamu hewani, nikijichukia kidogo kwa pande zote mbili.

"Inasukuma," nilisema mwishowe.

"Ukweli unasukuma?"

"Huu unasukuma."

Nikafuta zote mbili, mstari mzito, mara tatu, mpaka upande wa pili wa karatasi ukaonyesha doa.

"Ataona pamefutwa?"

"Ataona. Hatajua ni nini."

Halafu akaandika chini ya ule weusi: *Wako baba, Enea Tweve.* Akanirudishia kalamu kwa heshima, kwa mikono miwili. Ingekuwa afadhali angenitukana.

*

Barazani walikuwa watatu. Lwitiko alisimama nilipoingia, mrefu, suruali imemfupikia, akasema shikamoo kwa sauti ambayo bado haijaamua kuwa ya mwanamume. Nilimwitikia. Pembeni alikaa mama yake, Sekela, na mvi kwenye vipilipili vya mbele. Mumewe alilala akiwa amemzidi mkewe miaka mitatu, na leo mke ndiye mkubwa. Upande wa pili wa benchi alikaa Yusta, dada yake Enea, amejifunga vitenge viwili kwa sababu ya baridi na hasira.

"Soma kwa sauti, mwanangu," Yusta alisema. "Sisi wote tumeisubiri."

Lwitiko aliigeuza karatasi mara mbili akitafuta pa kuanzia. Hakuwa amezoea maandishi ya mkono. Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe, akisimama, akipima, akiendelea:

*"Kwa mwanangu mpendwa Lwitiko. Salamu nyingi sana zikufikie popote ulipo. Mimi baba yako ni mzima wa afya, hofu ni kwako tu uliye mbali na upeo wa macho yangu.*

*Dhumuni la barua hii ni kukupongeza. Asubuhi kama hii ulizaliwa. Mvua ilikuwa imekata barabara, na gari la zahanati lilikwama kwenye tope, kwa hiyo mkunga alikuja kwa miguu akiwa na viatu mkononi. Mimi nilitumwa nikachemshe maji. Nikachemsha mengi mno, hakuna aliyejua ya nini, tukanywa chai wote. Ulipolia nilikuwa nje na kikombe. Nilicheka peke yangu. Mama yako ni shahidi kwamba niliingia na matope hadi kitandani.*

*Sijui wewe ni mrefu au mfupi, kwa hiyo nitakuambia yanayofaa kwa wote. Ukinunua shati, ligeuze ndani kwanza. Tazama mshono wa kwapani, hapo ndipo fundi mvivu hujulikana. Vuta kola kidogo. Ikirudi polepole, imechoka. Usinunue nguo ukiwa na njaa au umetoka kugombana na mtu. Ukikosea bei usirudi kulalamika, rudi kununua tena, muuzaji atakuonea aibu.*

*Kuhusu ndevu. Lowesha uso kwa maji ya moto, subiri, usiwe na haraka. Nyoa kuelekea zinakoota, vuta ngozi kwa mkono mwingine. Chini ya kidevu zinaota kwa kuzunguka, kwa hiyo na wewe zunguka. Usitumie mashine. Ulikuwa unaiogopa ukiwa mdogo, na mtu hakosei kila anapoogopa.*

*Ukipenda mtu, mwambie mapema ungali na sauti. Ukimkosea, mwambie siku hiyohiyo. Shangazi yako ana maneno makali lakini ndiye aliyeniuguza. Mpe kiti cha kwanza. Mama yako usimwache ale peke yake."*

Hapo Sekela alijifunika uso na kanga. Lwitiko alimsubiri, kisha akasogeza karatasi karibu na macho.

"Halafu hapa pamefutwa. Halafu, *Wako baba, Enea Tweve.*"

Mimi nilitazama saa ya ukutani, maana joto chumba cha pili lilikuwa linapanda kwa ratiba yake bila kujali vilio vya watu.

"Kilichofutwa ni nini?" Yusta aliniuliza.

"Siruhusiwi, mama."

"Alikuwa anaomba. Mnafuta maombi, si ndiyo? Basi aliomba aachwe. Ndugu yangu namjua. Lwitiko, dawa inakaribia, kila mwaka wanasema. Ukimtoa leo, mwaka kesho ikatoka, utalala vipi?"

"Wamesema kila mwaka tangu niko shule ya awali, shangazi."

"Na wewe, wifi, umekaa kimya tu?"

"Nikisema neno litakuwa la kwangu," Sekela alisema kutoka ndani ya kanga. "Miaka kumi na minne sijui niitwe mjane au mke wa mtu. Ukinisikia nataka aamshwe, utasema namtaka afe niolewe. Ukinisikia nataka alale, utasema nimekuwa mtumwa wa jokofu. Mniache. Mtoto ndiye anayeamua."

Lwitiko alikuwa bado anaitazama barua. Aliweka kidole kwenye mistari ya juu.

"Lakini hapa amesema mwenyewe," alisema. "Ameandika hofu ni kwako tu. Kwake hamna. Anajua anaumwa, anajua siku yenyewe ni leo, na bado anasema ni mzima, haogopi. Anaogopa kwa ajili yangu tu."

Hakuijua ile salamu. Angeijulia wapi? Katika maisha yake hajawahi kupokea barua. Alikuwa ameishika adabu ya babu wa babu yake kama kiapo.

Ningeweza kusema sentensi moja: mwanangu, wote walianza hivyo. Lakini kumweleza ni kumsukuma, na nilikuwa nimetoka tu kumfuta baba mtu kwa kosa hilohilo. Nilijua pia, na hili nalisema bila kujificha, kwamba ni mimi niliyeuondoa ukweli na kuuacha uongo wa heshima, kwa sababu uongo haukuvunja kifungu chochote.

"Isome tena pale juu," nilisema. Sauti yangu haikuwa nzuri. "Taratibu. Usome kama inavyosomwa salamu."

Hilo tayari lilikuwa kosa la kufukuzwa kazi. Akasoma tena, taratibu, na kila neno likamwingia kwa uhakika zaidi. Alipomaliza alikuwa amenyooka.

"Mtu asiyeogopa hawezi kuomba aachwe kwenye baridi," alimwambia shangazi yake. "Alichoomba ni kutoka. Ndiyo maana wamefuta. Na hata kama hakuomba, mimi namtaka. Miezi miwili namtaka. Sijawahi kukaa naye mezani nikakumbuka. Anajua chini ya kidevu changu ndevu zinaota kwa kuzunguka, na mimi sijui hata anachekaje."

Yusta akaanza kulia kwa sauti. Sekela alimshika mkono, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile Yusta hakuuondoa.

"Mama," Lwitiko aliniambia, "mwamsheni baba."

Nilimuuliza mara tatu, kama sheria inavyotaka. Alijibu mara tatu.

*

Nilitangulia chumbani. Fundi wa joto alikuwa ameshapata taarifa na kipimo kilikuwa kimevuka thelathini na nne. Enea alikiona. Namba hiyo tulimweleza kabla hajalala, na kwake ilikuwa kama jana.

"Ameamua," alisema.

"Ameamua. Anakuja kukuchukua."

Akafumba macho. Machozi yakamtoka pembeni, yakaingia masikioni, na hakuyafuta. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, kuhusu salamu, kuhusu kidole cha kijana kwenye mstari wa juu. Nilifungua kinywa.

"Usinieleze," alisema. "Sasa niambie. Ndevu anazo?"

"Anazo. Chache. Upande wa kushoto zimezidi."

Mlango ukafunguliwa. Lwitiko alisimama kizingitini na barua mkononi, akamtazama mtu aliyelala pale, ambaye kwa sura angeweza kuwa kaka yake mkubwa. Akasahau shikamoo. Akasogea hadi ukingoni mwa kitanda, akapiga magoti ili macho yao yalingane.

"Baba."

"Umekuwa mrefu," Enea alisema. "Suruali inakukimbia."

Kijana akacheka huku analia. Akamshika mkono ule wenye mrija, kwa uangalifu, kama anashika yai. Kisha akaiinua karatasi.

"Baba, hapa chini, walipofuta. Ulikuwa umeandika nini?"

Enea alinitazama. Hakunitazama kwa chuki, na hilo sitalisahau. Alinitazama kama mtu anayemwomba mwenzake amshikie mlango.

"Niliandika umsalimie mama yako," alisema. "Huyu mama hapa akasema hilo ni ombi. Sheria zao ngumu."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Ungefikiri nimeandika nini?"

Lwitiko alipumua pumzi ambayo nadhani alikuwa ameibeba tangu alfajiri. Akageukia mlangoni akamwita Sekela aje, baba anamsalimia. Aligeuka tena akakuta mkono alioushika unatetemeka, na bega, na kidevu, kitanda kizima kinatikisika kwa mtikisiko mdogo usiokoma. Akaniangalia kwa woga.

"Ana nini?"

Kwenye digrii thelathini na tano mwili wa mtu anayepashwa huanza kutetemeka wenyewe. Ni kweli kabisa, imeandikwa katika vitabu vyetu, na kila anayeamshwa hupitia hapo.

"Ni baridi inamtoka," nilimwambia.